Onyo la potasiamu kwenye chumvi yenye sodiamu kidogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye ugonjwa wa figo

Chumvi hii imetengenezwa na nini hasa?

Chumvi ya kawaida ni sodiamu kloraidi, NaCl. Ili kupunguza sodiamu, mtengenezaji huondoa sehemu ya NaCl na kujaza pengo lake kwa potasiamu kloraidi, KCl. Zote mbili ni chembe nyeupe, zinayeyuka majini, na ulimi huzipokea karibu sawasawa. Tofauti utaipata mwishoni, KCl inapoacha uchungu fulani kama wa chuma nyuma ya ulimi.

Kiasi cha KCl hutofautiana sana. Kuna pakiti zenye robo tu, kuna zenye theluthi mbili, na kuna zisizo na sodiamu hata chembe, yaani ni KCl tupu. Pakiti hizo tatu zinaweza kukaa bega kwa bega rafuni zikiwa na maneno yaleyale mbele: sodiamu kidogo, rafiki wa moyo. Kwa mtu wa figo ni vitu vitatu tofauti kabisa.

Daktari amenikataza chumvi. Si ndiyo maana chumvi hii ikatengenezwa, kwa ajili ya watu kama mimi?

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, na wanaoteleza si wazembe. Kwa kawaida ni wale watiifu, walioambiwa wapunguze chumvi na wakaenda kutafuta suluhisho siku hiyohiyo.

Chumvi hii ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye presha ambaye figo zake ni nzima. Mtu huyo akila potasiamu ya ziada, figo huitoa kwenye mkojo ndani ya saa chache, na presha yake hushuka kidogo. Mwenye figo dhaifu anapata faida ileile ya kupungua kwa sodiamu, ila anabaki na mzigo wa potasiamu usio na mahali pa kutokea. Onyo lililo nyuma ya pakiti, linalowataja wenye ugonjwa wa figo, kisukari au moyo na wanaotumia dawa za presha, linakuhusu wewe moja kwa moja.

Figo inahusikaje na potasiamu?

Karibu asilimia 98 ya potasiamu ya mwili imo ndani ya seli, hasa za misuli. Iliyo nje ya seli, kwenye damu na majimaji mengine, ni kidogo mno. Kwa mtu mzima jumla yake ni kama gramu 2.5 tu. Kiasi hicho kidogo ndicho kinachosaidia kuongoza umeme wa moyo, na mwili hukilinda kwa wivu. Kwenye majibu ya maabara utakuta potasiamu ya damu inatakiwa iwe kati ya 3.5 na 5.0 milimoli kwa lita.

Kila siku tunakula potasiamu inayozidi hiyo gramu 2.5, na haituui, kwa sababu mbili. Kwanza seli huimeza haraka baada ya mlo na kuihifadhi. Kisha figo huitoa polepole. Karibu asilimia 90 ya potasiamu inayotoka mwilini hupitia kwenye mkojo, iliyobaki huenda na choo. Figo zikichoka, seli bado zinameza, lakini ghala halina mlango wa nyuma tena, na siku inafika ambapo kinachoingia kinaanza kulimbikizana kwenye damu.

Nisomeje lebo ili nijue ninakula kiasi gani?

Anza na orodha ya viambato. Potasiamu kloraidi inaweza kuandikwa kwa jina lake kamili, kwa alama KCl, au kwa namba E508. Marekani, tangu 2020, mamlaka ya chakula na dawa imewaruhusu watengenezaji kuiita "chumvi ya potasiamu" ili jina lisiwatishe wanunuzi. Binafsi naona jina hilo ni zuri kwa mgonjwa wa figo kuliko lile la zamani, maana angalau neno potasiamu limekaa wazi.

Kisha tafuta idadi ya potasiamu kwenye jedwali. Ikiwa haipo lakini asilimia ya KCl imetajwa, hesabu ni rahisi: kila gramu moja ya KCl ina miligramu 524 za potasiamu, yaani zaidi ya nusu ya uzito wake. Mchanganyiko wenye theluthi mbili za KCl utakuwa na kama miligramu 340 hadi 350 kwa kila gramu ya chumvi.

Mtego uko kwenye kipimo. Jedwali mara nyingi huhesabu kwa gramu moja, au robo ya kijiko cha chai, na namba inaonekana ndogo. Hakuna anayepika kwa gramu moja. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina kama gramu 5, na kilichojazwa kilima kinazidi hapo.

Unaweza kunipa mfano wa hesabu kamili?

Tumchukue mama wa miaka 58. Nimemuunga kutokana na watu wengi ninaokaa nao kliniki ya figo kuzungumzia chakula, lakini namba zake ni za kawaida kabisa. Ana kisukari na presha. Kiwango cha uchujaji wa figo, kile kinachoandikwa eGFR kwenye majibu, ni 32. Anatumia losatani na spironolaktoni. Potasiamu yake kwenye kipimo cha mwisho ilikuwa 4.9, nzuri ila haina nafasi ya kupanda.

Ananunua chumvi ambayo lebo yake inasema kila gramu 100 zina gramu 13 za sodiamu na gramu 34 za potasiamu. Anapikia watu wanne, mara mbili kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwenye kila chungu. Fungu lake ni robo ya kila chungu, kwa hiyo gramu 1.25 mara mbili, jumla 2.5. Anaona chakula hakijakolea vizuri, kwa hiyo kwa siku nzima anajinyunyizia mezani kama robo kijiko zaidi, gramu 1.25 nyingine. Jumla ni gramu 3.75.

Zidisha sasa. Kila gramu ina miligramu 340 za potasiamu, kwa hiyo 3.75 zinampa miligramu 1,275 kila siku. Kwa upande wa sodiamu amepata 488 badala ya 1,474 ambazo chumvi ya kawaida ya uzito huo ingempa. Ameokoa sodiamu karibu miligramu 986, na papo hapo amejiongezea potasiamu nyingi kuliko alichookoa. Ikiwa mtaalamu wa lishe alimpangia asivuke miligramu 2,500 za potasiamu kwa siku, chumvi peke yake imekula nusu, na bado hajagusa mlo.

Wiki 3 baadaye kipimo kinasoma 6.1. Anaulizwa kuhusu ndizi, anasema aliacha zamani. Maembe? Aliacha. Viazi anavichemsha na kumwaga maji. Kila kitu kwenye orodha amekifuata, na mtu anayemuuliza anaanza kushuku kwamba anadanganya. Hakuna aliyemuuliza kuhusu chumvi, na yeye hakuitaja kwa sababu aliona ni habari njema ya kusimulia mwishoni. Alipoulizwa alitoa pakiti kwenye mkoba, akaonyesha picha ya moyo mwekundu iliyo mbele. Onyo lilikuwa nyuma, chini ya anwani ya kiwanda, kwa maandishi ambayo hata mimi nilihitaji miwani kuyasoma.

Ndiyo maana siku hizi nawaambia wagonjwa waje na pakiti zenyewe. Maelezo ya mdomo hayatoshi.

Potasiamu si ileile tu ya matunda na mboga? Kwa nini chumvi ndiyo ionywe kwa ukali?

Kiini ni kilekile, lakini njia inayopitia ni tofauti. Potasiamu ya mmea imefungwa ndani ya seli zenye nyuzinyuzi, na sehemu yake hupita bila kufyonzwa. Pia huja pamoja na wanga unaoamsha insulini, na insulini ni moja ya vitu vinavyoisukuma potasiamu kuingia ndani ya seli. Tena hufuatana na chumvi za asidi za matunda ambazo mwili huzitumia kupunguza tindikali ya damu, na tindikali ikipungua potasiamu hubaki kwenye seli kwa urahisi zaidi.

KCl haina hata kimoja cha hivyo. Imeshayeyuka, utumbo huifyonza karibu yote, na kloraidi inayokuja nayo haisaidii chochote kwenye tindikali. Zaidi ya hapo, tunda linashibisha. Ni vigumu kula ndizi nne kwa mkupuo, ilhali kumimina kijiko kimoja cha chumvi cha ziada ni kazi ya sekunde moja, na hakuna anayeihesabu.

Onyo linataja pia kisukari, moyo na dawa za presha. Vinaingiaje?

Kwa sababu vyote vinagusa mlango uleule wa kutokea. Figo hupokea amri ya kutoa potasiamu kutoka kwa homoni iitwayo aldosteroni. Dawa nyingi nzuri za presha na moyo hufanya kazi kwa kuzuia homoni hiyo isitengenezwe au isisikike. Humo mna zile ambazo majina yake huishia na "-prili" kama enalaprili na lisinoprili, zile za "-satani" kama losatani, na spironolaktoni ambayo ni dawa ya kukojoa lakini inahifadhi potasiamu. Dawa hizi huzilinda figo na moyo, kwa hiyo usiziache kwa sababu ya kusoma ukurasa huu. Kinachopaswa kuondoka mezani ni chumvi.

Kisukari kinaingia kwa njia mbili: insulini ikipungua, seli humeza potasiamu kwa uvivu, na kisukari cha muda mrefu huweza kushusha aldosteroni yenyewe hata kabla figo hazijachoka sana.

Zipo nyingine ambazo watu hawazifikirii. Vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki hupunguza uwezo wa figo kutoa potasiamu, na mwenye ugonjwa wa figo kwa kawaida anashauriwa aviepuke hata hivyo. Kotrimoksazoli, antibiotiki ya siku nyingi, ina trimethoprimu ambayo huzuia figo kutoa potasiamu kwa namna inayofanana na baadhi ya dawa za kukojoa zinazoihifadhi. Mtu anaweza kuwa anatumia chumvi hii kwa miezi bila tatizo, kisha akapewa dozi ya siku chache na potasiamu ikaruka. Vivyo hivyo akiharisha au kutapika hadi kukaukiwa maji: figo iliyokuwa inajikongoja inasimama kwa muda, na potasiamu inaendelea kuingia.

Nimesikia Shirika la Afya Duniani limeipendekeza chumvi hii. Wanajipinga?

Hawajipingi. Mwongozo wao wa Januari 2025 unapendekeza, kwa masharti, kubadilisha chumvi ya mezani kwa yenye sodiamu kidogo na potasiamu, na sharti mojawapo ni kwamba pendekezo haliwahusu wenye matatizo ya figo au hali nyingine inayozuia potasiamu kutoka. Watoto na wajawazito nao wamewekwa pembeni.

Utafiti unaonukuliwa zaidi ulifanyika vijijini China na kuchapishwa 2021. Ulihusisha vijiji 600 na watu 20,995, waliokuwa na historia ya kiharusi au waliofikisha miaka 60 wakiwa na presha. Chumvi waliyopewa ilikuwa na KCl robo tu, na kiharusi kilipungua kwa asilimia 14. Habari hiyo ni ya kweli na ni nzuri. Lakini waliojulikana kuwa na ugonjwa mkubwa wa figo hawakuingizwa tangu mwanzo. Kwa hiyo mtu akikuletea habari hiyo kwenye simu na kukuambia haina madhara, mwambie kwamba watu kama wewe hawakuwa ndani ya hesabu.

Niko hatua za mwanzo na potasiamu yangu ni ya kawaida. Bado nikatazwe?

Hatua ya 1 na ya 2, figo bado zinatoa potasiamu vizuri, na wapo madaktari watakaoruhusu mchanganyiko wenye KCl kidogo ikiwa hutumii dawa nilizotaja na unapimwa mara kwa mara. Uchujaji ukishuka chini ya 60, hasa chini ya 45, nafasi inabana kwa kasi. Chini ya 30 sijaona sababu ya kuijaribu.

Jambo la kuuliza kliniki ni moja, na uliulize ukiwa na pakiti mkononi: kwa uchujaji wangu, kipimo changu cha mwisho cha potasiamu na dawa ninazotumia, naruhusiwa hii? Jibu la "ndiyo" linapaswa kuja pamoja na tarehe ya kupima damu tena.

Mimi nasafishwa damu. Mashine si inaondoa potasiamu yote?

Inaondoa ile iliyopo siku hiyo, kwa saa nne hivi. Anayesafishwa mara tatu kwa wiki ana pengo moja refu, na potasiamu hupanda siku zote hizo bila kutoka. Mwisho wa pengo hilo ndio wakati wa hatari kubwa zaidi kwa moyo. Chumvi ya KCl katika siku hizo haifai.

Wanaosafishwa kwa maji ya tumboni wakati mwingine hushuka potasiamu hadi daktari akaamua kuwaongezea. Hata hao huongezewa kwa dozi inayojulikana, si kwa kukadiria mezani.

Nimekuwa nikiitumia bila kujua. Nifanye nini?

Acha leo, endelea na dawa zako kama ulivyoandikiwa, na uwasiliane na kliniki upimwe potasiamu haraka bila kungoja miadi ijayo. Waeleze ni chumvi gani, kiasi gani kwa siku, na tangu lini.

Usisubiri dalili. Potasiamu inaweza kufika 6 na zaidi mtu akiwa anatembea na kucheka. Dalili zikija, huwa ni miguu kuwa mizito na kulegea, ganzi au kuchomachoma, mapigo ya moyo kwenda polepole mno au kurukaruka, kuishiwa pumzi, kizunguzungu au kuzimia. Ukiona kimojawapo, nenda hospitali sasa hivi, usiku au mchana. Watapima umeme wa moyo, na ikiwa umebadilika wataanza na kalisiamu ya mshipani kuulinda moyo, kisha insulini pamoja na glukosi kuirudisha potasiamu ndani ya seli, huku wakipanga namna ya kuitoa mwilini.

Wakati mwingine kipimo chenyewe hudanganya. Damu ikivutwa kwa shida na chembe zake zikapasuka kwenye chupa, au ukikunja na kukunjua ngumi sana wakati wa kutolewa, potasiamu husomeka juu kuliko ilivyo. Kurudia kipimo ni kawaida. Lakini wanaoamua hivyo wawe wahudumu. Usijipe matumaini hayo nyumbani.

Nikiipika muda mrefu, potasiamu haiishi?

Haiishi. Ni madini, moto hauiondoi. Kuna jambo la kuchekesha kidogo hapa: watu huchemsha mboga na kumwaga maji ili potasiamu ipungue, kisha wanaikoleza kwa KCl na kuirudisha.

Chumvi ya bahari au ile ya waridi ni salama zaidi?

Kwa potasiamu, ndiyo, kwa kuwa ina kidogo mno. Kwa sodiamu, ni chumvi ileile ya kawaida kwa bei ya juu.

Je, vyakula vya viwandani vilivyoandikwa "sodiamu kidogo"?

Visome kama unavyosoma chumvi. Supu za pakiti, vidonge vya mchuzi, nyama za kopo na viungo vya kunyunyizia vyenye maneno "bila chumvi" vinaweza kuwa vimekolezwa kwa KCl. Neno "bila chumvi" mara nyingi lina maana ya bila NaCl tu. Ukiona E508 au potasiamu kloraidi karibu na mwanzo wa orodha, rudisha rafuni, kwa sababu viambato hupangwa kwa uzito, kikubwa kwanza.

Sasa nitakoleza chakula na nini?

Limau, siki, vitunguu, vitunguu saumu, tangawizi, pilipili, bizari na majani ya kunukia, vyote kwa kiasi cha kukolezea, havina shida kwa walio wengi. Na chumvi ya kawaida ndogo, iliyopimwa, kwa kawaida ni bora kwako kuliko chumvi mbadala nyingi isiyopimwa. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa gramu 5 za chumvi kwa siku kwa mtu mzima, na kliniki yako inaweza kukupangia pungufu. Ulimi nao huzoea. Wiki za kwanza chakula kinakuwa kama maji, halafu ladha hurudi taratibu.

Nyumbani mume wangu ana presha na ameshauriwa atumie chumvi hii. Tutapikaje chungu kimoja?

Pikeni bila chumvi, kila mtu akoleze kwenye sahani yake. Yake iwe kwenye kopo la rangi tofauti lenye jina lake, likae mbali na jiko, kwa sababu anayekuja kusaidia kupika hashiki kopo kwa kusoma, hushika lililo karibu. Ikiwa nyumba yenu ni ya wapishi wengi, au chakula hukolezwa chunguni ili kiive na ladha, basi chumvi hiyo isiingie kabisa. Mumeo anaweza kupunguza sodiamu kwa kupunguza chumvi ya kawaida.